Sura ya Sita: Asilimia Mbili ya Nini?

Fundi cherehani wa Buguruni anataka shilingi 600,000 za kununulia mashine ya ovaloki iliyotumika. Amepata wakopeshaji wawili. Wote wanadai riba ya asilimia 2 kwa mwezi, wote wanataka deni lilipwe kwa miezi 6. Wa kwanza anamwambia rejesho la kila mwezi ni shilingi 107,115, wa pili anamwambia 112,000. Mkopo ni uleule, asilimia ni ileile, muda ni uleule, na bado kwa miezi sita wanapishana karibu shilingi 30,000. Hakuna aliyekosea hesabu. Hakuna hata aliyedanganya, kama kudanganya ni kusema namba isiyo ya kweli.

Siri iko kwenye swali ambalo wateja wengi hawaulizi wanapokaa mbele ya meza ya afisa mikopo: asilimia 2 ya nini? Kulijibu hakuhitaji shahada ya uhasibu. Kunahitaji jedwali la marejesho, mstari mmoja kwa kila mwezi, na njia nyepesi ya kulipata ni kuiandikia kompyuta kitanzi, yaani maagizo machache inayoyarudia mwezi baada ya mwezi. Katika sura hii tunatumia lugha ya Python. Aliyesoma sura mbili zilizopita anajua tayari kila kitu kinachohitajika.

Tuanze na mkopeshaji wa kwanza. Kila mwisho wa mwezi yeye hufanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Anatazama salio, yaani deni lililobaki, na kulitoza asilimia 2. Halafu anapokea rejesho na kukata riba hiyo kwanza. Kinachobaki baada ya riba ndicho kinachopunguza deni lenyewe, na tutakiita msingi. Mwezi unaofuata anaanza upya na salio jipya. Kwa Python ni hivi:

```python
salio = 600000
rejesho = 107115
for mwezi in range(1, 7):
    riba = round(salio * 0.02)
    msingi = rejesho - riba
    salio = salio - msingi
    print(mwezi, rejesho, riba, msingi, salio)
```

Skrini inatoa mistari sita. Namba ya kwanza kushoto ni mwezi, kisha rejesho, riba, msingi, na mwishoni salio:

```
1 107115 12000 95115 504885
2 107115 10098 97017 407868
3 107115 8157 98958 308910
4 107115 6178 100937 207973
5 107115 4159 102956 105017
6 107115 2100 105015 2
```

Usiipite haraka. Safu ya riba inashuka kutoka 12,000 hadi 2,100 kwa sababu kila mwezi fundi ana fedha kidogo zaidi ya mkopeshaji mkononi mwake, hivyo analipia kidogo zaidi. Safu ya msingi inapanda kwa kiasi kilekile ambacho riba imeshuka. Rejesho halibadiliki, lakini kilichomo ndani yake kinabadilika kila mwezi. Ndiyo maana anayelipa mkopo wa nyumba wa miaka 20 hushangaa mwaka wa kwanza kuona deni halisogei: mwanzoni salio ni kubwa, na sehemu nene ya rejesho inaliwa na riba.

Mpangilio wa mistari mitatu ya ndani ya kitanzi si jambo la hiari. Ukipunguza salio kwanza ndipo ukokotoe riba, mwezi wa kwanza hutaitoza riba fedha ambayo fundi amekaa nayo mwezi mzima, na jedwali lote litatoka na riba pungufu. Litapendeza macho na halitafanana na la mkopeshaji. Kosa jingine la kawaida ni `range(1, 6)`: Python husimama kabla ya namba ya pili, kwa hiyo utapata miezi mitano na salio la 105,017, nawe utadhani umeibiwa. Na mkataba ukitaja riba kwa mwaka, asilimia 24, igawe kwa 12 kwanza. Kuna aliyewahi kuandika `0.24` ndani ya kitanzi cha miezi, na kompyuta haikumwonya. Haijui kwamba unazungumzia binadamu.

Namba 107,115 ilitoka wapi? Ni rejesho pekee linalolifikisha salio sifuri mwezi wa 6 hasa, na kanuni yake ni fupi:

```python
rejesho = 600000 * 0.02 / (1 - 1.02 ** -6)
```

Jibu ni 107,115.49 hivi. Mkopeshaji amefuta senti. Kwa kufuta senti, na kwa sababu riba nayo tunaifanya shilingi kamili kila mwezi, jedwali letu limeishia na shilingi 2 badala ya sifuri. Hizo shilingi 2 ni za kawaida kabisa, na mkopeshaji makini huziweka kwenye rejesho la mwisho. Ongeza mistari miwili chini ya ule wa riba:

```python
    if mwezi == 6:
        rejesho = salio + riba
```

Sasa mwezi wa 6 unadai 107,117 na salio linafika sifuri. Ukipewa ratiba ambayo marejesho yote yanalingana hadi shilingi ya mwisho na salio nalo ni sifuri safi, tazama kama senti zimefichwa. Excel, kwa mfano, huweza kuonyesha namba kamili huku ikihifadhi senti ndani ya seli. Jumlisha safu kwa mkono na utaona jumla iliyochapwa chini inapishana nawe kwa shilingi chache. Hakuna wizi hapo, ila anayekusanya marejesho kwa pesa taslimu hawezi kupokea senti, na kitabu chake hakitaoana na karatasi.

Majedwali haya yana umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1582 Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, alichapisha majedwali ya riba huko Antwerp. Kabla yake, wenye fedha wengi waliyatunza kwa mkono na hawakupenda yaonekane na wengine. Ukikopa kwa mtu mwenye jedwali nawe huna, yeye anajua bei ya muda wako nawe huijui. Stevin alifanya kwa kalamu kazi ileile ambayo kitanzi chetu kinaifanya: kuchukua jibu la mstari wa juu na kulitumia kwenye mstari wa chini.

Turudi kwa mkopeshaji wa pili, yule wa 112,000. Yeye naye anatoza asilimia 2 kwa mwezi, ila hatazami salio. Anatazama kiasi kilichokopwa siku ya kwanza, na hakiachi mpaka mwisho. Katika msimbo, badiliko liko kwenye mstari mmoja tu (pamoja na rejesho la 112,000 kule juu):

```python
    riba = round(600000 * 0.02)
```

Neno `salio` limeondoka, mahali pake pamekaa 600000. Sasa kila mwezi riba ni 12,000, msingi ni 100,000, na salio linashuka kwa ngazi zilizo sawa: 500,000, 400,000, 300,000, na kuendelea. Watu wengi huipenda ratiba hii kwa sababu inaeleweka bila kikokotoo. Hii ndiyo riba isiyopungua, na wakopeshaji wadogo wengi hupenda kuitumia, kuanzia vikundi vya mtaani hadi wale ambao watu wamewapachika jina la kausha damu.

Utazame mstari wa mwisho wa jedwali hilo. Mwezi wa 6 unapoanza fundi ana shilingi 100,000 tu za mkopeshaji mkononi, na anazilipia riba ya 12,000. Ni asilimia 12 kwa mwezi huo mmoja, ndani ya mkataba unaosema asilimia 2. Mwezi wa 5 ni asilimia 6. Mwezi wa kwanza peke yake ndio ulio kweli asilimia 2.

Kwa hiyo mkopo wa pili una bei gani hasa, ukipimwa kwa kipimo cha wa kwanza? Hapa kitanzi kinageuka kuwa mizani. Tunarudisha neno `salio` mahali pake, tunaacha rejesho la 112,000 na kuiondoa mistari miwili ya kurekebisha mwezi wa mwisho, kisha tunajaribu viwango hadi salio la mwezi wa 6 likaribie sifuri. Ukiweka asilimia 3.3, salio linaishia kwenye hasi 898. Maana yake fundi amelipa zaidi ya inavyotakiwa kwa kiwango hicho, basi kiwango cha kweli kiko juu zaidi. Ukiweka 3.4, salio linabaki 1,513, umepita. Katikati, kwenye 3.34, linabaki shilingi 65, na kwa rejesho la laki na zaidi tunaweza kuishia hapo. Asilimia 2 isiyopungua, kwa miezi 6, ni karibu asilimia 3.34 ya salio halisi.

Mara nyingi bado kuna kitu kimoja hakijaingia. Mkopeshaji anakata ada ya fomu au ya usindikaji kabla ya kukabidhi fedha, tuseme shilingi 18,000. Kwenye mkataba mkopo unabaki 600,000, lakini fundi anatoka mlangoni na 582,000. Ndizo fedha alizokopeshwa kweli, kwa hiyo ndizo zinazokaa kwenye mstari wa kwanza wa msimbo: `salio = 582000`. Marejesho ni yaleyale 112,000. Ukirudia kupima, kiwango kinachofikisha salio karibu na sifuri ni takriban asilimia 4.27 kwa mwezi. Tangazo ukutani bado linasema 2.

Fundi akitaka kumaliza deni mapema, tofauti inazidi. Akipata zabuni ya sare za shule na kutaka kufunga mkopo mara tu baada ya rejesho la tatu, mkopeshaji wa kwanza anamdai 308,910, maana riba ya miezi ijayo haijatokea bado. Wa pili ana salio la 300,000 kwenye kitabu, lakini wengine wa aina yake huhesabu riba yote ya miezi 6 kuwa deni tangu siku ya kusaini. Hapo fundi atadaiwa 336,000, yaani 36,000 kwa miezi ambayo hatakaa na fedha hizo. Kipengele hiki huandikwa kwa herufi ndogo. Muulize afisa kabla ya kuweka dole gumba.

Mpaka hapa hatujagusa riba juu ya riba, ingawa imekuwa ikisubiri ndani ya mstari wa `salio`. Katika mkopo unaolipwa vizuri haionekani, kwa sababu riba ya kila mwezi inalipwa mwezi huohuo na haipati nafasi ya kukaa ndani ya deni. Huonekana rejesho likikosekana. Tuseme kwa mkopeshaji wa kwanza fundi anauguza mtoto na mwezi wa 3 halipi chochote. Kwenye kitanzi tunaweka rejesho la mwezi huo kuwa sifuri. Msingi unakuwa hasi 8,157, na kuondoa namba hasi ni kuongeza: salio linapanda kutoka 407,868 hadi 416,025. Riba ya mwezi wa 3 sasa ni sehemu ya deni, na mwezi wa 4 itatozwa riba nayo. Hiyo riba ya riba, asilimia 2 ya 8,157, ni shilingi 163 tu.

Watu huitaja riba juu ya riba kwa hofu, na kwa miaka mingi inastahili hofu. Kwa mwezi mmoja, 163. Kinachomgharimu fundi ni kubaki na rejesho zima la 107,115 kwa miezi minne zaidi. Akiendelea kulipa 107,115 miezi ya 4, 5 na 6, atamaliza ratiba akiwa na deni la 113,675, na kulifunga mwezi wa 7 kutahitaji 115,949. Ukikuta mkopeshaji amedai zaidi sana ya hapo, ziada hiyo ni faini, na faini inapaswa kuwa na mstari wake kwenye mkataba. Bila jedwali huwezi kuvitenganisha viwili hivyo, na ukiuliza utajibiwa kwamba ni riba imepanda.

Mwezi huo wa 4 una mtego mdogo ninaoupenda. Asilimia 2 ya 416,025 ni 8,320.5 kamili, nusu shilingi isiyoegemea upande wowote. Tulivyofundishwa shuleni nusu hupanda, kwa hiyo riba ni 8,321, na Excel ya afisa mikopo itasema hivyo. Python itasema 8,320. Si hitilafu: `round` ya Python, ikikutana na nusu kamili, huchagua namba shufwa iliyo karibu, ili katika hesabu nyingi nusu zisiwe zote zinapanda. Namba nilizotoa hapo juu zimefuata desturi ya shule. Anayetaka programu yake ioane na ratiba ya ofisi aache desimali kabisa, afanye kazi kwa namba kamili:

```python
    riba = (salio * 2 + 50) // 100
```

Alama ya `//` hugawanya na kutupa baki. Kujumlisha 50 kwanza kunaifanya nusu ipande na kilicho chini ya nusu kishuke. Shilingi moja haimuumizi mtu, lakini majedwali mawili yakipishana kwa shilingi moja, utapoteza mchana mzima ukitafuta kosa kubwa ambalo halipo.

Kitanzi cha `for` kinajua miezi ni mingapi kabla ya kuanza. Wapo wakopaji wasiojua. Wao hulipa wanachoweza na kuuliza, nitamaliza lini? Kwao tunatumia kitanzi cha namna nyingine:

```python
salio = 600000
mwezi = 0
while salio > 0:
    mwezi = mwezi + 1
    salio = salio + (salio * 2 + 50) // 100 - 12000
    print(mwezi, salio)
```

Usikiendeshe kabla ya kujua jinsi ya kukisimamisha kwa `Ctrl+C`. Riba ya 600,000 ni 12,000 na rejesho ni 12,000, kwa hiyo salio linachapwa 600,000, 600,000, 600,000, hadi ukate umeme. Programu haijakwama, imejibu swali: hutamaliza. Shusha rejesho hadi 11,000 na salio linaanza kupanda, 601,000, kisha 602,020, na baada ya mwaka mzima wa kulipa kila mwezi bila kukosa deni ni takriban 613,412. Hapa ndipo riba juu ya riba hufanya kazi yake, kimyakimya, kwa mtu anayeamini kwamba analipa. Ndiyo sababu programu yoyote ya mikopo inayotumia `while` inatakiwa kuangalia kwanza kama rejesho linazidi riba ya mwezi wa kwanza, na kukataa kuendelea lisipozidi.

Na asipolipa kabisa? Futa hizo 12,000, badili sharti liwe `while salio < 1200000:`, na uangalie salio linafika lini mara mbili. Kuna kanuni ya kichwani ambayo Luca Pacioli aliiandika Venisi mwaka 1494: gawa 72 kwa asilimia ya riba. Kwa asilimia 2 ni miezi 36. Kitanzi kinakubaliana naye: mwezi wa 35 salio ni karibu 1,199,934, na mwezi wa 36 linavuka 1,200,000.

Kenya imeweka ukuta mahali hapohapo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaikataza benki kudai kwa mkopo chechefu riba inayozidi msingi uliokuwa umebaki siku mkopo ulipogeuka chechefu. Gharama za kukusanya deni zinahesabiwa kando. Tuchukulie mkopo wa shilingi 600,000 za Kenya uliogeuka chechefu ukiwa haujapunguzwa hata shilingi, kwa asilimia 2 kwa mwezi. Kufikia mwezi wa 35 riba iliyolimbikizwa ni karibu 599,934. Mwezi wa 36 kitanzi kisichojua sheria kitaongeza riba ya karibu 24,000. Benki inaruhusiwa kuongeza kama shilingi 66, na mwezi wa 37 haiongezi kitu.